Kostiki Ipo, Boksi Hakuna: Jinsi ya Kupiga Hesabu ya Kuagiza Vitu vya Kiwanda cha Sabuni

Kila wiki naulizwa swali lile lile, ila kwa sura tofauti. Mmoja atasema, "Kaka, nina kostiki ya miezi sita lakini boksi zimekwisha," kostiki ikiwa ile kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Mwengine: "Hoteli imetaka katoni 30, niagize mafuta kiasi gani na lini?" Juzi dada mmoja wa kikundi cha sabuni cha upande wa mashariki alinijia na daftari zima la risiti. Kila risiti ilikuwa na sababu yake, lakini hakukuwa na hata moja iliyotokana na hesabu. Kilipopungua kitu machoni, kilinunuliwa.

Basi nimeamua kuandika mara moja. Mfano wangu ni kiwanda kidogo cha sabuni ya mwani na karafuu hapa Unguja, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka mingi, na kwa sababu sabuni ina jambo moja linalowachanganya wengi: ikishapikwa haiuziki mpaka ikauke. Wewe ukitengeneza samani au achari, njia ni hii hii.

Kwenye programu za kompyuta utakutana na majina mawili, BOM na MRP. La kwanza ni orodha ya vijenzi, yaani kila kinachoingia kwenye bidhaa moja na kwa kipimo gani. La pili ni hesabu inayochukua orodha hiyo, ikaangalia kilichomo stoo, halafu ikakwambia uagize nini, kiasi gani na lini. Huhitaji kununua programu. Daftari la mistari linatosha kuanzia, na lahajedwali la simu linatosha kuendelea.

Kabla ya kuanza, kuwa na hivi

- Oda za wateja za wiki 10 au 12 zijazo, kila moja na wiki yake. Ikiwa huna oda, andika makisio yako, lakini yaandike.
- Mizani inayosoma gramu.
- Hesabu ya stoo uliyoihesabu mwenyewe kwa mkono, si ile iliyoandikwa daftarini mwezi uliopita.
- Muda wa kungoja wa kila kitu: tangu siku unayopiga simu kuagiza mpaka siku kitu kimo stoo na kinaweza kutumika.
- Vipimo vya kununulia: mfuko wa kilo 25, galoni la lita 20, boksi kuanzia 2,000.

Hatua ya 1: Andika orodha ya vijenzi kwa ngazi

Hapa ndipo wengi wanapokosea mapema. Wanaandika orodha moja ndefu: mafuta, kostiki, mwani, boksi, katoni. Orodha ya namna hiyo haikwambii kipi kinatangulia kipi. Anza juu, kwa kile anachokichukua mteja, kisha shuka.

Mteja wetu anachukua katoni yenye vipande 48. Kwa hiyo ngazi ya juu ni hii:

Katoni 1 iliyojaa = vipande vikavu 48 + boksi ndogo 48 + katoni tupu 1.

Boksi na katoni tupu zinanunuliwa, hazina ngazi ya chini. Kipande kikavu tunakipika wenyewe, kwa hiyo kina orodha yake. Hatupiki kipande kimoja, tunapika mpiko, yaani sufuria moja tangu kuchanganya hadi kukata. Mpiko wetu ni huu:

- Mafuta ya nazi kilo 10
- Mafuta ya mawese kilo 10
- Kostiki kilo 3.08
- Maji kilo 6.6
- Unga wa mwani kilo 0.6
- Mafuta ya makonyo ya karafuu kilo 0.2

Ile 3.08 haikutoka kichwani. Kilo moja ya mafuta ya nazi inakula takriban kilo 0.183 ya kostiki, na ya mawese takriban 0.141. Ukizidisha kwa 10 na kujumlisha unapata 3.24, kisha unapunguza asilimia 5 ili yabaki mafuta kidogo yasiyogeuka sabuni na kipande kisikwaruze ngozi. Ukibadili mafuta, kostiki lazima uipige upya. Na unapoichanganya, kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Maji hayamiminwi juu ya kostiki hata siku moja, yatachemka na kukurukia.

Jumla ya mpiko ni karibu kilo 30.5. Tunakata vipande vibichi vya gramu 115, ambavyo baada ya wiki 4 kwenye kichanja hushuka hadi kiasi cha gramu 101. Ukigawa kwenye karatasi utapata vipande 265. Usiandike 265! Kingo zinakatwa, nyengine inabaki kwenye kalibu, na sisi hupata vibichi 250. Baada ya kukauka, kama 10 hupinda au hufanya mabaka meupe. Kinachoandikwa kwenye orodha ni vipande vizuri 240 kwa mpiko. Hii ndiyo namba muhimu kuliko zote katika daftari lako, na huipati kwa kukisia. Hesabu mipiko mitano mfululizo, chukua wastani.

Angalizo la vipimo: nazi inauzwa kwa lita, orodha iko kwa kilo. Galoni la lita 20 lina karibu kilo 18.4 tu za mafuta ya nazi, si 20. Nimewahi kuona mtu akipungukiwa mpiko wa mwisho kila mwezi, akamshuku kijana wa stoo kwa wizi, kumbe ni hizo kilo 1.6 za kila galoni.

Hatua ya 2: Hesabu kilichopo na kilicho njiani

Hesabu mwenyewe, na andika mahali pawili: kilichomo mkononi, na kilichokwisha agizwa lakini hakijafika. Vipande vilivyo kwenye kichanja vihesabu kama vitu vilivyo njiani, kwa sababu bado havifungiki.

Mfano wetu, mwanzo wa wiki ya 1:

- Katoni zilizojaa: 6
- Vipande vikavu tayari: 180
- Vipande kichanjani: mpiko mmoja, 240, utakauka wiki ya 3
- Boksi ndogo: 700
- Katoni tupu: 15
- Mafuta ya nazi: kilo 55
- Mawese: kilo 90
- Kostiki: kilo 9
- Unga wa mwani: kilo 6
- Mafuta ya makonyo: kilo 1

Kostiki ina ujanja wake. Inavuta unyevu, na hewa yetu ya pwani haina uhaba wa unyevu. Mfuko ulioachwa wazi huzidi uzito huku nguvu ikipungua, hivyo mizani inakwambia kilo 9 wakati kostiki yenyewe haifiki. Ifunge kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana siku ile ile unayofungua mfuko. Ukikuta imeshikana mabonge yenye majimaji, usiihesabu kabisa.

Hatua ya 3: Andika muda wa kungoja, wa kweli

Usiandike muda aliokuahidi muuzaji. Andika uliokutokea.

- Kufunga katoni: wiki 1
- Kupika, kukata na kukausha: wiki 5 (wiki 1 ya kazi, wiki 4 za kichanja)
- Boksi ndogo zilizochapwa Dar es Salaam: wiki 4 (3 za kiwanda cha uchapaji, 1 ya kuvuka na kutoa mzigo bandarini)
- Katoni tupu: wiki 1
- Mafuta ya nazi: wiki 1
- Kostiki kutoka Dar: wiki 2
- Mafuta ya makonyo kutoka Pemba: wiki 2
- Unga wa mwani: wiki 1 wakati wa jua, wiki 3 wakati wa masika

Mstari wa mwisho uangalie vizuri. Mwani unaanikwa. Mvua za masika zikianza mwezi wa tatu, mwani wa siku chache unachukua wiki, na anayekuuzia hana kosa. Hali kadhalika kusi inapovuma kwa nguvu katikati ya mwaka: mzigo wa kutoka Pemba au bara unaweza kulala bandarini. Muda wa kungoja una msimu. Mimi nina safu mbili daftarini, ya kaskazi na ya kusi na masika.

Hatua ya 4: Anza na oda, toa kilichopo

Oda zetu ni mbili: katoni 30 wiki ya 8, katoni 20 wiki ya 10.

Tunazo 6 zilizojaa. Kwa hiyo wiki ya 8 pungufu ni 24, na wiki ya 10 pungufu ni 20 zote. Kufunga kunachukua wiki 1, basi tunafunga katoni 24 wiki ya 7 na katoni 20 wiki ya 9.

Simama hapa kidogo, maana ndipo kiini cha jambo lote. Ngazi ya chini haipokei oda ya mteja. Inapokea pungufu ya ngazi ya juu, katika wiki ambayo kazi ya ngazi ya juu inaanza. Anayezidisha 30 kwa 48 moja kwa moja atanunua boksi za katoni 6 ambazo zimeshafungwa na ziko mlangoni. Fanya hivyo kila mwezi, na baada ya mwaka stoo imejaa na mfuko mtupu.

Hatua ya 5: Shuka ngazi moja

Katoni 24 zinataka vipande 1,152 na boksi 1,152 wiki ya 7. Katoni 20 zinataka 960 na 960 wiki ya 9.

Boksi: zipo 700. Wiki ya 7 zinapungua 452, lakini mchapaji hachapi chini ya 2,000. Tunaagiza 2,000 ziingie wiki ya 7, yaani agizo litoke wiki ya 3. Baada ya kufunga zitabaki 1,548. Wiki ya 9 tunatumia 960, zinabaki 588. Agizo moja limefunika oda zote mbili.

Katoni tupu: zipo 15, zinatakiwa 24. Zinauzwa kwa fungu la 25, tunachukua fungu moja wiki ya 6 na jengine wiki ya 8. Ni vitu vya mjini, havitaki kuumiza kichwa.

Sasa vipande vyenyewe. Hapa nitakuonesha jedwali lote, kwa sababu ukilielewa hili moja umeyaelewa yote.

| | Wiki 3 | Wiki 7 | Wiki 9 |
|---|---|---|---|
| Vinatakiwa | 0 | 1,152 | 960 |
| Vinavyotoka kichanjani | 240 | 0 | 0 |
| Salio kabla ya kupika | 420 | 420 | 228 |
| Pungufu | 0 | 732 | 732 |
| Mipiko | 0 | 4 (960) | 4 (960) |
| Salio baada ya kutumia | 420 | 228 | 228 |
| Mpiko uanze wiki ya | – | 2 | 4 |

Vikavu 180 na 240 vya kichanjani ni 420. Wiki ya 7 tunataka 1,152, pungufu 732. Mipiko 3 inatoa 720. Tumepungukiwa vipande 12! Mpiko haukatwi robo, kwa hiyo karatasi inasema 4. Salio la 228 linaingia wiki ya 9, na pungufu linatoka 732 tena, mipiko 4 tena.

Karatasi ikisema 4, andika 4. Lakini weka alama pembeni, kwa sababu mpiko mzima kwa ajili ya vipande 12 ni jambo la kutazamwa na mtu, si la kuachiwa hesabu. Tutalirudia.

Hatua ya 6: Shuka tena, mpaka vitu vya kununua

Mipiko 4 wiki ya 2 na mipiko 4 wiki ya 4. Zidisha orodha ya mpiko kwa 4: kila mara tunataka nazi kilo 40, mawese kilo 40, kostiki kilo 12.32, mwani kilo 2.4, makonyo kilo 0.8.

Mawese kilo 90 yanatosha kwa zote mbili. Mwani kilo 6 unatosha, unahitajika 4.8. Hivyo havinunuliwi, hata kama muuzaji anapita na bei nzuri.

Makonyo: kilo 1, tunatumia 0.8 wiki ya 2, inabaki 0.2. Wiki ya 4 pungufu ni 0.6. Muda wa kungoja ni wiki 2, kwa hiyo simu ya Pemba inapigwa wiki ya 2. Chupa ni ya kilo 1, ndiyo tunayoagiza.

Nazi ina mtego. Kiwanda hiki kinatengeneza pia mafuta ya nywele, na wiki ya 3 yanataka kilo 6 za nazi ile ile. Kitu kinachotumika kwenye bidhaa mbili usikipigie hesabu mara mbili kwenye kurasa mbili, kila ukurasa ukijiona una kilo 55 peke yake. Kusanya mahitaji yote kwanza kwenye ukurasa mmoja, ndipo utoe kilichopo. Basi: 55 toa 40 wiki ya 2, zinabaki 15, toa 6 za nywele, zinabaki 9, wiki ya 4 zinatakiwa 40, pungufu 31. Galoni mbili (kilo 36.8), agizo litoke wiki ya 3.

Ukitaka kuyaweka haya kwenye lahajedwali, kila kitu kipe ukurasa wake. Safu B ni salio la kuanzia, C ni wiki ya 1. Mstari wa 2 ni mahitaji, wa 3 yaliyo njiani, wa 4 salio, wa 5 pungufu, wa 6 agizo la kufika, wa 7 agizo la kutoka. Kwa kostiki ya mifuko ya kilo 25 na wiki 2 za kungoja, wiki ya 1 inakuwa hivi:

```
C5  =MAX(0, C2-C3-B4)
C6  =CEILING(C5, 25)
C4  =B4+C3+C6-C2
C7  =E6
```

Kisha nakili kuelekea kulia. Ile `E6` ndiyo muda wa kungoja: wiki 2 mbele. Kitu cha wiki 1 kitasoma `D6`, cha wiki 4 kitasoma `G6`.

Hatua ya 7: Agizo ambalo tarehe yake imeshapita

Kostiki: zipo kilo 9, wiki ya 2 zinatakiwa 12.32, pungufu 3.32. Muda wa kungoja wiki 2. Wiki ya 2 toa 2 ni wiki ya sifuri. Yaani tulitakiwa tuagize wiki iliyopita.

Kwenye lahajedwali hili hulioni, kwa sababu hakuna safu ya wiki iliyopita. Formula zangu za juu zitalimeza kimya kimya. Kwa hiyo kila mara angalia mstari wa 6 katika wiki za mwanzo: ukiona agizo la kufika ndani ya muda wa kungoja, hilo limechelewa na linataka mtu, si formula.

Njia ziko chache. Unaweza kupika mipiko 2 tu wiki ya 2 (kilo 6.16 zinatosha) na 2 wiki ya 3 mfuko ukifika, lakini basi vipande vya mwisho vinakauka wiki ya 8. Wiki ya 7 utakuwa na vipande 900, yaani katoni 18, na pamoja na zile 6 unampa mteja 24 badala ya 30. Unaweza kununua kostiki ya rejareja mjini, lakini soma pakiti: dawa ya kuzibulia mabomba yenye chumvi au vipande vya aluminiamu si kostiki ya sabuni. Tunachofanya sisi ni kuazima. Kilo 4 kwa mpishi wa jirani, zinaandikwa, na mfuko wa kilo 25 unaagizwa siku hiyo hiyo. Ukifika wiki ya 3 tunamrudishia zake 4, na zinazobaki zinatosha mipiko ya wiki ya 4.

Jambo moja usilifanye: kufupisha wiki za kukauka ili tarehe itoshe. Sabuni mbichi ikifungwa kwenye boksi la karatasi itatoa jasho, boksi litalainika, na mteja atakurudishia katoni nzima.

Hatua ya 8: Rudia kila wiki

Tulisema tutairudia ile mipiko 4 na 4. Hesabu hii haijui vichanja vyetu vina nafasi ya vipande 1,800. Kuanzia wiki ya 5 mipiko yote 8 ingekuwa juu ya kichanja kwa pamoja, vipande vibichi 2,000. Karatasi imepanga sabuni isiyokuwa na mahali pa kukaa.

Wiki ya 3 tukahesabu upya. Ule mpiko wa kichanjani ulitoa vizuri 244, si 240. Mipiko 4 ya wiki ya 2 ilikatwa vibichi 1,011 badala ya 1,000, na kwa kawaida yetu hiyo ni kama vizuri 970. Tumepata 4 na 10, vile vipande 12 vimepatikana. Wiki ya 4 tukapika mipiko 3, na vichanja vikatosha. Nazi nayo ikapungua hadi kilo 30 kwa wiki hiyo, ila pungufu bado lilikuwa 21, kwa hiyo galoni zikabaki mbili.

Mimi hufanya hesabu hii Jumatatu asubuhi kabla simu hazijaanza kulia. Inachukua kama saa moja. Mwezi wa Ramadhani huifanya mapema zaidi na kuongeza wiki moja kwenye kazi zetu wenyewe, maana saa za kazi zinapungua na kufunga katoni 24 kwa wiki hakuwezekani.

Mambo yakienda kombo

*Hesabu inasema ipo, stoo haimo.* Mara nyingi ni mipiko iliyoharibika isiyoandikwa. Mafuta ya makonyo hufanya mchanganyiko ushikane ghafla. Ukichelewa kumimina, sufuria nzima inaganda kama uji wa jana. Watu huona haya kuandika. Weka daftari la vilivyoharibika karibu na sufuria, na usimfokee anayeandika.

*Kila wiki maagizo yanabadilika na muuzaji amechoka nawe.* Unabadilisha hata wiki za karibu. Weka mstari: ndani ya wiki 2 zijazo hubadilishi kitu isipokuwa kwa dharura, na baada ya hapo geuza upendavyo. Oda mpya inayoingia ndani ya mstari huo mpe mteja tarehe ya mbele.

*Stoo inajaa kitu kimoja.* Angalia kima cha chini cha kununua. Boksi 2,000 si tatizo ikiwa sura ya boksi haibadiliki. Ikiwa unataka kubadili nembo, ibadili salio linapofika chini, si siku unayopata wazo. Kuna mahali nilikuta boksi karibu 3,000 zenye namba ya simu iliyokufa.

*Akiba ya tahadhari inakula fedha.* Watu wengi huweka akiba kwenye kila kitu na kila ngazi, basi tahadhari inazaa tahadhari. Iweke kwa vitu vinavyovuka maji tu: kostiki, boksi, makonyo. Nazi unaipata keshokutwa, ya nini kuirundika?

*Orodha inasema kilo 3.08, mpishi anatia kilo 3.2.* Kamuulize kabla ya kumsahihisha. Mara nyingine kostiki imevuta maji na yeye ameshagundua kwa mkono wake kuwa sabuni haishiki. Hapo kosa ni la ndoo isiyo na kifuniko. Lakini ikiwa kostiki ni mpya na bado anazidisha, pima kipande kwa karatasi ya kupimia ukali kabla hujafunga hata kimoja.